Gari la Umeme Nalo Lipige Hodi

Wilaya ya Ngara imeingia katika hesabu za dunia ya magari ya umeme kwa sababu ya nikeli ya Kabanga, ambayo ni miongoni mwa akiba kubwa za nikeli ambazo bado hazijachimbwa, na nikeli ni malighafi ya betri za magari mengi ya aina hiyo. Kwa hiyo mazungumzo ya umeme wa magari katika pembe hii ya Kagera yamekuwa ya mgodi: leseni, hisa za serikali, fidia za wanaohamishwa. Magari yenyewe hayazungumzwi, kana kwamba sisi kazi yetu ni kutoa madini tu, na vyombo vitakavyotengenezwa kwa madini hayo vitaishia kutembea Oslo na Shanghai. Lakini Ngara imepakana na Rwanda pale Rusumo na Burundi pale Kabanga, na ng'ambo ya mto Kagera mambo yameshabadilika. Mwaka 2019 Volkswagen ilianza majaribio ya magari ya umeme mjini Kigali, baadaye yakafuata mabasi, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria katika jiji hilo husajiliwa tu kama ni za umeme. Kwetu, magari ya haibridi yaliyotumika Japani, Toyota Prius na Toyota Aqua, yamekuwa yakiingia nchini kwa miaka mingi, na yakiwa katika mwendo mdogo hutembea kwa mota bila injini kuwaka. Hoja ya makala hii ni kwamba vyombo hivi vinapaswa kutoa sauti ya kutahadharisha vikiwa katika mwendo mdogo, kwamba sharti hilo liandikwe mapema wakati bado ni vichache, na kwamba tukinakili kanuni za Ulaya neno kwa neno tutawaacha nje watu ambao barabara za Ngara na Biharamulo zinawahusu zaidi.

Tuanze na kile kinachopotea injini inaponyamaza. Mtu anayetembea kandokando ya barabara hatumii macho peke yake. Mama mwenye ndizi kichwani hageuzi shingo ovyo, na mwanafunzi aliye katikati ya wenzake watatu anatazama wenzake. Wote hawa wanajua kuna gari nyuma kwa sababu wamelisikia, na wamejua mengi zaidi ya kuwapo kwake: kama ni lori au pikipiki, kama linaongeza mwendo au linapunguza, kama liko kushoto au kulia. Hakuna aliyebuni sauti hiyo kwa ajili ya usalama. Ni moshi unaopita kwenye ekzosi na vyuma vinavyogongana, ila kwa zaidi ya miaka mia moja watembea kwa miguu wameitumia bila malipo. Gari la umeme likiwa katika mwendo wa kilomita 10 kwa saa huondoa karibu habari yote hiyo. Likifika kilomita 30 hivi, msuguano wa matairi na barabara unaanza kuitawala sauti ya gari lolote, na tofauti kati ya la umeme na la petroli inapungua mno. Kwa hiyo tatizo lina mipaka iliyo wazi, nalo haliko kwenye lami ndefu ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo, ambako magari yanapita kwa kasi na matairi yanavuma. Liko pale gari linapotambaa: stendi ya Ngara mjini, pembezoni mwa vibanda vya Benaco, kwenye maegesho ya Nyakanazi ambako barabara ya Kigoma inakutana na ya Rusumo, penye soko la Biharamulo siku ya watu wengi, na kwenye viwanja vya forodha mipakani. Hapo ndipo magari yanapiga rivasi, yanageuza, yanachomoka kwenye foleni, na hapo ndipo watu wanapita katikati ya magari wakiwa na mizigo.

Wapo watakaosema hiyo ni hofu ya kufikirika, kwa hiyo tutazame waliohesabu. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ililinganisha ajali za magari ya haibridi na za magari ya kawaida. Katika matukio ya mwendo mdogo, yaani kupunguza mwendo au kusimama, kurudi nyuma, kuingia au kutoka kwenye maegesho, haibridi zilikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kumgonga mtembea kwa miguu. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walichapisha hesabu za Uingereza za miaka ya 2013 hadi 2017. Kwa kila maili milioni 100, magari ya umeme na haibridi yaliwagonga watembea kwa miguu 5.16, na ya petroli na dizeli 2.40. Mijini pengo lilikuwa kubwa zaidi kuliko vijijini. Takwimu hizi zisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Wanaonunua magari ya umeme huenda wanaendesha zaidi mijini kwenye watu wengi, na huenda madereva wake wana umri tofauti, mambo ambayo hayahusiani na ukimya. Lakini miaka hiyo ya 2013 hadi 2017 ina thamani yake ya pekee kwetu: ni kabla sharti la sauti halijaanza kutumika Ulaya, na magari ya haibridi ya zama hizo ndiyo yanayofika kwetu sasa kama magari yaliyotumika.

Dunia ilijibu kwa kanuni. Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2010, kwa msukumo mkubwa wa chama cha kitaifa cha wasioona cha nchi hiyo. Japani ilitoa mwongozo wa hiari mwaka huo huo. Umoja wa Mataifa, kupitia tume yake ya uchumi ya Ulaya, ulitoa Kanuni namba 138 iliyoanza kutumika mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya ukaifanya lazima kwa aina mpya za magari tangu Julai 2019 na kwa kila gari jipya tangu Julai 2021. Kanuni 138 inataka gari lisilo na sauti ya injini litoe mlio tangu linapoanza kusogea hadi kilomita 20 kwa saa, na linaporudi nyuma. Kiwango cha chini ni desibeli 50 gari likiwa katika kilomita 10, desibeli 56 likiwa katika kilomita 20, na desibeli 47 likiwa kwenye rivasi. Kinapimwa kwa kipaza sauti kilichowekwa mita 2 kutoka mstari wa katikati ya gari, kwenye kimo cha mita 1.2, ambacho hakiko mbali na kimo cha sikio la mtoto wa shule ya msingi. Kiwango cha juu ni desibeli 75, ili mtengenezaji asije akageuza gari kuwa disko.

Ukubwa wa sauti ni nusu tu ya kazi, na sehemu ya pili ndiyo iliyowapa wahandisi shida zaidi. Mlio wa namna moja, mwembamba na usiobadilika, unasikika vizuri lakini unasumbua kuujua unatoka wapi, kama wanavyojua wote waliowahi kutafuta simu inayolia chumbani. Sikio hupata mwelekeo wa sauti nzito kwa tofauti ndogo ya muda kati ya sikio moja na jingine, na wa sauti kali kwa tofauti ya nguvu. Mlio mchanganyiko hulipa sikio njia zote mbili. Kwa sababu hiyo kanuni inadai angalau bendi mbili za masafa, na mojawapo iwe hezi 1,600 au chini yake, kwa kuwa wazee hupoteza kwanza uwezo wa kusikia sauti kali. Tena mlio lazima upande kadiri mwendo unavyoongezeka, kwa wastani wa angalau asilimia 0.8 kwa kila kilomita moja ya mwendo kati ya kilomita 5 na 20. Jumla yake ni asilimia 12 hivi, tofauti ambayo sikio lolote la kawaida linaitambua. Asiyeona gari hilo anajua linakuja au linasimama.

Chukua hesabu moja ya stendi. Sauti inayotoka kwenye kitu kidogo hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Gari linalotembea kilomita 10 kwa saa lenye desibeli 50 kwa mita 2 litakuwa na desibeli 44 kwa mita 4. Linalotembea kilomita 20 lenye desibeli 56 kwa mita 2 litakuwa na desibeli 44 kwa mita 8. Tuseme mahali ni patulivu kiasi kwamba desibeli 44 zinasikika. La kwanza linasikika likiwa mita 4, nalo linakwenda mita 2.8 kwa sekunde. La pili linasikika likiwa mita 8, nalo linakwenda mita 5.6 kwa sekunde. Kote kuwili mtembea kwa miguu anapata sekunde 1.4 hivi. Hapo ndipo namba zile zinapoonyesha maana: sauti inaongezwa ili muda wa kujiokoa ubaki ule ule mwendo unapozidi mara mbili. Sekunde 1.4 si nyingi, lakini zinamtosha mtu kurudisha mguu aliokwisha kuunyanyua. Upande wa dereva, kwa kilomita 20 kwa saa akichukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, atahitaji mita 8 hivi kusimama kwenye barabara kavu. Yaani umbali ule ule ambao mtembeaji anaanza kulisikia gari ndio umbali ambao dereva peke yake anauhitaji wote. Bila sauti, usalama wote umewekwa kwenye jicho la mtu mmoja aliye nyuma ya usukani.

Pingamizi la kwanza, na lina wafuasi wengi, ni kelele. Tumechoka na honi, tumechoka na spika za matangazo ya stendi, na sasa tumepata gari lililonyamaza mnasema tulifundishe kupiga kelele? Pingamizi hili linasahau ukubwa wa namba. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni desibeli 60 hivi. Gari linalotimiza kiwango cha chini cha kanuni hii, likiwa mita 2 kutoka kwako, liko chini ya sauti ya jirani anayekusalimia, na likifika kilomita 20 linaweza kuzima mlio wake kabisa. Faida ya utulivu wa gari la umeme kwa anayelala kando ya barabara kuu haiguswi, kwa sababu huko magari hayatembei kilomita 15 kwa saa. Kinachoombwa ni hodi: sauti ndogo ya kumjulisha aliye karibu kwamba mtu yuko mlangoni, na anayepiga hodi hasumbui mtaa mzima.

Pingamizi la pili linatoka kwa madereva wenyewe, nalo ni kwamba honi ipo. Dereva akimwona mtu ampigie. Shida iko kwenye neno akimwona. Honi inamlinda yule tu ambaye dereva ameshamwona, na aliyeonwa tayari ana nafasi nzuri ya kupona, kwa kuwa breki nazo zipo. Anayegongwa kwenye rivasi ni yule ambaye hakuonekana kwenye kioo: mtoto aliyeinama nyuma ya gari, muuza karanga anayepita kati ya magari mawili. Mlio unaotoka wenyewe hausubiri dereva amwone mtu. Halafu honi haisemi mwendo wala haiendelei, inamshtua mtu tu, na mtu aliyeshtuka aghalabu husimama palepale alipo, ambapo ndipo pabaya. Malori yaliyotoka Japani yametuonyesha jambo hili kwa namna ya kuchekesha kidogo. Baadhi yake hutangaza kwa sauti ya mwanamke, kwa Kijapani, kwamba yanakata kona au yanarudi nyuma. Hakuna anayeelewa neno hata moja, na kila mtu anajisogeza.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: watu wajifunze kuangalia. Elimu ya usalama barabarani ifundishe kutazama kulia, kushoto, na kulia tena, na mambo yaishe. Kwa walio wengi ushauri huo ni mzuri. Lakini chukua mpaka wa Rusumo. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, na Burundi vilevile upande wa Kabanga. Penye mpaka magari hubadilisha upande. Mtanzania aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kutazama kulia kwanza, akivuka ng'ambo, gari la kwanza kumfikia linatoka kushoto, na Mnyarwanda au Mrundi akija huku hali inageuka. Injini ya dizeli humsahihisha mtu kama huyo kabla hajamaliza hatua, kwa sababu sikio halina mazoea ya upande. Gari la kimya linamwachia kosa lake lote. Na wapo ambao ushauri wa kuangalia hauwahusu hata kidogo. Mtu asiyeona anayetumia fimbo nyeupe huvuka barabara kwa kusikiliza, na akishindwa kusikia hana njia ya pili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia haki ya kufika na kutumia maeneo ya umma. Haki hiyo inakuwa ya kwenye karatasi kama gari linaweza kumfikia mtu katika stendi bila yeye kupewa dalili yoyote anayoweza kuitumia.

Sasa lipo pingamizi la nne, ambalo sikubaliani na wanaolipuuza, kwa sababu ni la kweli. Katika foleni ya malori pale Rusumo au Nyakanazi, injini za dizeli zikiwa zimeachwa zinanguruma, desibeli 50 hazifui dafu. Viwango vya Kanuni 138 viliwekwa kwa kufikiria mitaa tulivu kiasi, na hata kipimo chenyewe hufanyika mahali penye ukimya. Penye malori kumi yaliyowashwa, gari dogo la umeme likijitangaza kwa kiwango cha chini ni sawa na halijatangaza. Jibu la haraka ni kupandisha sauti, nalo ni jibu baya: litaharibu utulivu wa mahali pengine pote kwa ajili ya sehemu chache, na mshindi wa mashindano ya kelele siku zote ni lori. Spika zinazoongeza sauti kulingana na kelele ya mazingira zinaweza kubuniwa, lakini hatuwezi kujenga sera juu ya kifaa cha magari ya bei kubwa. Ukweli ni kwamba mahali kama hapo sauti haiwezi kuchukua nafasi ya njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa kwa ukingo, na anayeuza mfumo wa sauti kama tiba ya kila kitu anadanganya. Ila upungufu huo unahusu mahali pa malori. Mtaa wa nyuma wa Biharamulo asubuhi, njia ya kwenda hospitali ya Murgwanza, eneo la shule ya Rulenge watoto wanapotoka, huko kelele ni ndogo na desibeli hizo zinatosha. Ikumbukwe pia kwamba barabara ya changarawe inalisaidia gari la umeme kusikika, kwa kuwa kokoto zinasagika chini ya tairi hata kwa mwendo mdogo. Udongo laini uliolowa baada ya mvua, au vumbi la kiangazi lililojaa kama unga, hufanya kinyume chake. Barabara hiyo hiyo inaweza kuwa na sauti mwezi mmoja na kuwa bubu mwezi mwingine.

Kutoka kwenye kanuni hadi kwenye gari lenyewe kuna safari, na kwetu safari hiyo inapitia bandarini na mnadani Japani. Mwongozo wa Japani wa mwaka 2010 ulikuwa wa hiari na uliruhusu kitufe cha kuzima mlio. Toyota walianza kuuza kifaa cha kufunga kwenye Prius ya kizazi cha tatu mwezi Agosti mwaka huo kwa yeni 12,600, bila gharama ya kufunga, bei ambayo pia inajibu wale wanaodhani tunaomba teknolojia ya anasa. Sharti la lazima kwa aina mpya za magari lilikuja Japani mwaka 2018, na kwa magari yote mapya mwaka 2020. Maana yake ni kwamba shehena ya magari ya haibridi na ya umeme ya miaka ya kabla ya hapo imechanganyika: mengine hayakuwahi kuwa na mlio, mengine yanao lakini kitufe kimebonyezwa tangu kwa mwenye gari wa kwanza, mengine yana mlio uliotimilika. Nissan Leaf ya mwanzo ni mfano mzuri. Ilitoka na mlio wake, wenye sauti nyembamba na nzito kwa pamoja, na pia ilitoka na kitufe. Anayenunua gari la namna hii Dar es Salaam au Mwanza na kulileta Ngara hawezi kujua alichonacho kwa kuangalia tu.

Na hata lililokuja likiwa zima halibaki hivyo lenyewe. Spika hukaa mbele, mara nyingi nyuma ya bampa, chini kabisa. Hapo ndipo tope la barabara za wilaya linaporukia, na hapo ndipo gari linapogongwa kidogo na kubadilishiwa bampa na fundi ambaye hana sababu ya kurudisha waya usioathiri gari kuwaka. Fyuzi ikichomolewa kwa ajili ya redio, hakuna kitakacholalamika isipokuwa taa ndogo kwenye dashibodi, na taa za dashibodi tumezizoea. Namna ya kugundua si ngumu. Gari lipelekwe mahali patulivu, madirisha yafunguliwe, mtu mmoja asimame mita 2 pembeni ya pua ya gari. Dereva aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea, aongeze taratibu hadi kilomita 20, asimame, kisha arudi nyuma. Anayesimama pembeni anapaswa kusikia mlio unaoanza gari linapoanza kusogea, unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na unaotokea tena kwenye rivasi. Kwa haibridi lazima betri iwe na chaji ya kutosha na injini iwe haijawaka, vinginevyo utasikia petroli na kudhani ni kifaa. Jaribio lote linamalizika mapema kuliko kikombe cha chai. Ukaguzi wa TBS kwa magari yaliyotumika unatazama breki, taa na usukani. Kipengele hiki kinaweza kuongezwa hapo bila mashine mpya, pamoja na sharti kwamba kitufe cha kuzima kiondolewe au kifungwe. Kanuni 138 yenyewe ilirekebishwa mwaka 2017 ikapiga marufuku kitufe hicho, baada ya watu kuona ujinga wa kifaa cha usalama kinachozimwa na anayekerwa nacho badala ya anayelindwa nacho. Mwaka 2022 Tesla ilibidi irekebishe magari 578,607 huko Marekani kwa sababu kipengele cha kucheza sauti za burudani nje ya gari kingeweza kuufunika mlio wa tahadhari. Kama kampuni yenye maelfu ya wahandisi inaweza kuteleza hapo, fundi wa stendi asilaumiwe sana, lakini mkaguzi awepo.

Tufike sasa kwenye upungufu mkubwa kuliko wote. Kanuni 138 inahusu magari ya magurudumu manne na zaidi: magari madogo, mabasi na malori. Pikipiki na bajaji haziguswi, na kanuni ya Umoja wa Ulaya nayo haizigusi. Kwa Ujerumani hilo linaeleweka. Kwa Ngara ni kuacha kiini cha jambo. Hapa anayepita kwenye bega la barabara, kwenye kichochoro cha soko, kwenye njia ya miguu inayokata mgombani, ni bodaboda. Umeme nao unakuja kwanza kwa magurudumu mawili na matatu, kwa kuwa betri yake ni ndogo na hesabu ya mafuta inalipa mapema, na Kigali imekwisha kuonyesha. Ngara ni ya vilima, na watu wake wanajua tayari maana ya chombo cha kimya mteremkoni: baiskeli iliyosheheni ndizi ikishuka, au pikipiki iliyozimwa injini ili kubana mafuta. Mwenye baiskeli hupiga kengele au hupaza sauti mwenyewe, maana anajua breki zake. Pikipiki ya umeme ni nzito kuliko baiskeli, inashuka na hata kupanda kimya, na dereva wake amebeba abiria wawili.

Kuna watakaojibu kwamba pikipiki ni nyembamba, inakwepa, na spika juu yake ni mzigo. Kwamba inakwepa ndilo tatizo: inapita mahali ambapo mtu hategemei chombo. Mzigo wa spika nao ni mdogo ukilinganisha na betri. Kizuizi cha kweli ni cha kiufundi, kwamba sauti nzito zinahitaji spika kubwa kidogo na pikipiki haina bampa pana la kuificha, kwa hiyo isitarajiwe kutimiza masharti yote ya gari. Lakini sharti dogo linawezekana: mlio usiokoma kuanzia mwendo wa kutembea hadi kilomita 20, unaopanda na mwendo, wenye angalau sehemu moja ya sauti nzito kadiri spika inavyoweza, na usio na kitufe. Pikipiki za umeme kwa sehemu kubwa huuzwa au kukodishwa na kampuni chache zenye mitandao ya kubadilishia betri. Hilo ni bahati kwa mdhibiti. Badala ya kukimbizana na maelfu ya waendeshaji, LATRA na TBS wanaweza kuweka sharti kwa wauzaji hao wachache wakati wa kusajili aina ya chombo, na kila kituo cha kubadilishia betri kikawa mahali pa kukagua kama mlio bado unafanya kazi, kwa sababu pikipiki inafika hapo kila siku.

Yupo wa mwisho atakayeuliza haraka ya nini, wakati magari ya umeme ya Biharamulo unaweza kuyahesabu kwa vidole. Haraka inatokana na umri wa magari yetu. Gari linaloingia nchini leo litakuwa barabarani miaka 15 au zaidi, likihama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza kwenda wilayani, kila mara likipungua bei na kuongezeka mikono. Wilaya za pembezoni hupokea magari yakiwa katika nusu ya pili ya maisha yake. Kifaa ambacho hakikudaiwa bandarini mwaka huu hakitafungwa na mwenye gari wa nne huko Rulenge mwaka 2038. Na kwa chombo kinachokuja kutoka upande wa Kigali, kipo kikao cha mamlaka za nchi mbili kila siku pale Rusumo, kwenye kituo cha pamoja cha mpaka ambacho maofisa wa Tanzania na Rwanda wanafanya kazi chini ya paa moja tangu mwaka 2016. Wanakagua bima, leseni na mzigo. Kumwomba dereva wa gari la umeme asogeze gari lake mita kumi mbele na kumi nyuma, madirisha yakiwa wazi, hakuhitaji mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa kiwango kimoja cha nchi zote wanachama, kikizijumuisha pikipiki na bajaji, kingewapunguzia wote kazi.